Muuguzi wa Kenya, leseni ya Ujerumani: kazi huanzia kwenye makaratasi ya chuo

Tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya ajira na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024, wauguzi wengi wameanza kujifunza Kijerumani. Lugha ni lazima: leseni ya muuguzi kamili hutolewa kwa aliyefikia ngazi ya B2. Lakini kinachoamua utakaa muda gani ukifanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi, ni jinsi stashahada yako itakavyolinganishwa na mafunzo ya Kijerumani.

Ulinganisho huo hufanywa na ofisi ya jimbo utakalofanyia kazi. Muuguzi wa Ujerumani husoma miaka 3, angalau saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Afisa huweka saa zako kando ya hizo, somo kwa somo na wodi kwa wodi. Stashahada ya Kenya huchanganya uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii, ilhali Ujerumani ukunga ni taaluma nyingine kabisa yenye leseni yake. Kwa hiyo saa nyingi ulizotoka jasho nazo kwenye wodi ya wazazi huenda zisikusaidie sana, huku pengo likionekana kwenye uuguzi wa wazee, huduma za wagonjwa nyumbani, na wakati mwingine magonjwa ya akili.

Tuchukue muuguzi mwenye stashahada ya miaka 3 na miaka 4 ya kazi katika hospitali ya kaunti. Akipeleka cheti na transkripti yenye alama tu, afisa haoni saa. Kisichoonekana kwenye karatasi huhesabiwa kuwa hakikufanyika, na orodha ya mapengo hurefuka. Akirudi chuoni kuomba barua yenye mhuri inayotaja saa za kila somo na za kila wodi, sehemu ya mapengo hayo hufutika. Kisha ipo barua ya mwajiri. Sheria inaruhusu uzoefu wa kazi kuziba pengo la masomo, ila barua inayosema tu kwamba alikuwa mfanyakazi mwema haizibi kitu. Inapaswa kusema: miezi 18 wodi ya wanaume, wengi wao wazee wenye kiharusi na kisukari, miezi 10 wodi ya magonjwa ya akili, saa kadhaa kwa wiki, kazi alizofanya mwenyewe. Omba barua hii kabla ya kuacha kazi, maana msimamizi wa wodi akishahamishwa ni shida kumpata.

Nyaraka zote hutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Jibu likija na orodha ya mapengo, hujakataliwa. Unachagua njia moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni kozi ya kuziba mapengo. Unasoma na kufanya kazi chini ya uangalizi katika maeneo yale tu yaliyotajwa kwenye jibu hilo, na mwisho kuna mazungumzo ya kupima ulichojifunza. Urefu wake hutegemea orodha. Kisheria hauzidi miaka 3, lakini orodha ikiwa fupi, kozi nayo hupungua, na ndiyo sababu ile barua ya chuo ina thamani kubwa. Ya pili ni mtihani wa maarifa. Sehemu ya mdomo huchukua dakika 45 hadi 60. Ya vitendo ni hali 2 hadi 4 za kuhudumia wagonjwa, kila moja isiyozidi dakika 120. Ukianguka sehemu moja, unairudia mara 1 tu.

Kwa maoni yangu, mwenye orodha fupi achague kozi. Mtihani unamfaa mwenye mapengo mengi ambaye Kijerumani chake kimekomaa, kwa sababu wanaokwama mara nyingi hawakwami kwenye dawa wala vidonda. Wanakwama wanapotakiwa kueleza kwa sauti, mbele ya watahini, kwa nini wamepanga huduma hivyo. Ujerumani, kumwogesha, kumlisha na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya muuguzi mwenyewe, na wataitazama kwa makini, hata kama kwenu kazi hiyo hufanywa na ndugu wa mgonjwa.

Neno la mwisho ni kuhusu mkataba. Kabla ya kusaini, tafuta kifungu kinachokudai urudishe gharama za kozi ukiacha kazi, na uulize kwa maandishi ni nani analipia kozi, na utalipwa kiasi gani kabla na baada ya leseni. Wakala akikudai pesa ili akutafutie kazi, achana naye. Ushauri wa serikali ya Ujerumani kuhusu kutambuliwa kwa vyeti ni bure, na unaanzia kwenye anerkennung-in-deutschland.de.