Kitenge Chekundu Kionekane Chekundu

Mteja ameagiza kitenge chekundu kwa kuangalia picha. Mzigo umemfikia, naye anakwambia siyo alichokiona kwenye simu. Kitenge ni kilekile. Kilichodanganya ni picha, na dawa yake ni kipande kidogo cha kitu cha kijivu au cheupe unachokiweka mbele ya kamera.

Anza kwa kujua kinachokuponza. Simu haijui rangi ya mwanga uliopo dukani kwako, kwa hiyo inakisia. Ukijaza fremu kwa kitambaa chekundu kitupu, mara nyingi inadhani mwanga wenyewe ndio una wekundu mwingi, inaupunguza, na nyekundu yako inapauka. Ukihamia kitambaa cha bluu, inakisia upya. Ndiyo maana picha za duka moja, zilizopigwa saa moja, zinatoka kila moja na rangi yake.

Kwa hiyo, kabla ya kadi, izuie simu isikisie. Fungua kamera, ingia Pro, tafuta WB, itoe kwenye Auto na uiweke kwenye namba moja. Chagua 5000K uiache hapo. Usihangaike kutafuta namba kamili, maana kadi ndiyo itakayosahihisha. Unachotaka ni picha zote zikosee kwa namna moja, ili zirekebishwe kwa namna moja. Kama kamera ya simu yako haina Pro, jaribu kamera iliyomo ndani ya Lightroom ya simu.

Hapohapo angalia kama unaweza kupiga RAW, ambayo kwenye simu nyingi huhifadhiwa kama faili la DNG. Faili hilo halijafungwa kwenye rangi moja, hivyo linavumilia marekebisho makubwa. JPEG imeshapikwa. Inakubali kusogezwa kidogo, lakini ukiivuta sana, sehemu zenye kivuli zinaanza kuonyesha madoa ya rangi.

Sasa kadi. Kadi ya kijivu ya wapiga picha ni kipande cha karatasi ngumu au plastiki kisichong'aa, na ile ya kawaida hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipiga. Kwa kazi yetu asilimia si hoja kubwa. Hoja ni kwamba inarudisha nyekundu, kijani na bluu kwa usawa. Unaponunua, chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya White Balance. Baadhi ya kadi za bei ya chini zimetengenezwa kwa kupimia mwanga tu, na kijivu chake kinaweza kuegemea rangi fulani.

Huna kadi? Wengi hukimbilia karatasi nyeupe ya printa. Itakusaidia ukibanwa, lakini karatasi hizo huwekwa dawa ya kung'arisha inayogeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa bluu. Ukiipima nje, programu inaona bluu ya ziada, inaipunguza, na picha nzima inaingia umanjano. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga lina shida ileile, kwa sababu sabuni nyingi za kufulia zina dawa ya namna hiyo.

Kuna kitu bora zaidi, na kipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni ule utepe mweupe mwembamba wa PTFE ambao mafundi bomba huuzungusha kwenye viungo ili maji yasivuje. Weupe wake hauegemei rangi yoyote, na dawa ya kung'arisha haimo. Chukua kipande cha kadibodi ukubwa wa kiganja, zungushia utepe tabaka juu ya tabaka mpaka rangi ya kadibodi isionekane kabisa chini yake, kisha uhifadhi kwenye mfuko safi. Ukichafuka, zungushia mwingine.

Mahali pa kuiweka kadi ndipo wengi wanapoharibu. Iweke juu ya kitambaa chenyewe, ielekee upande uleule kinaoelekea, ili mwanga uipige sawasawa na unavyopiga kitambaa. Usiishike mkononi karibu na kamera, kwa sababu pale mwanga unaweza kuwa mwingine. Isiwe na mng'ao. Ukiona doa jeupe linalometameta juu yake, iinamishe kidogo mpaka liondoke. Na kivuli chako kisiiangukie.

Piga picha moja ikiwa na kadi, iondoe, kisha piga vitambaa vyote unavyotaka. Mwanga ukibadilika, kama wingu limepita au umewasha taa, rudisha kadi na upige tena. Picha ya kadi ina kazi kwa mwanga uleule tu.

Angalia pia mwangaza. Kitu cheupe kikipigwa na mwanga mkali kupita kiasi, kamera inafika ukomo. Kila pikseli ina namba tatu, R, G na B, na kila namba inaishia 255. Kadi ikisomeka 255, 250, 228, huwezi kujua nyekundu ilipaswa kufika wapi, kwa sababu imekatwa. Ukirekebisha kwa namba hizo, unarekebisha kwa kipimo cha uongo. Shusha mwangaza mpaka kitu cheupe kisomeke karibu na 200 hadi 230. Hapo ndipo kadi ya kijivu inaposhinda nyeupe. Ni nyeusi zaidi, hivyo haikatwi kirahisi.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Una kitenge chekundu chenye maua ya manjano, umekipiga ndani ya duka chini ya balbu ya mwanga wa umanjano, WB ikiwa 5000K. Kwenye picha, nyekundu imeelekea rangi ya chungwa na maua yamezama humohumo. Uifungue kwenye GIMP, chukua Color Picker Tool, washa Sample average ili isome eneo badala ya pikseli moja, kisha bonyeza juu ya kadi. Tuseme inasoma R 190, G 160, B 112. Kijivu cha kweli kingetoa namba tatu zinazolingana. Hapa nyekundu imezidi na bluu imepungua sana, na hiyo ndiyo alama ya balbu ya umanjano.

Nenda Colors, kisha Levels. Utaona alama tatu za kijibomba cha kudondoshea. Chukua cha katikati, Pick gray point for all channels, na ubonyeze katikati ya kadi. Usichukue kile cha nyeupe. Chenyewe kinaifanya sehemu uliyobonyeza kuwa nyeupe kabisa, na mwangaza wa picha nzima unaharibika. Kijibomba cha katikati kinasogeza nyekundu na bluu mpaka kadi iwe kijivu, na kila kilichomo kwenye picha kinafuata. Maua yanajitenga na nyekundu, na nyekundu inaacha uchungwa.

Sasa pima tena kadi. Namba zikiwa kama 161, 160, 162, kazi imekwisha. Zikipishana kwa zaidi ya tatu au nne, umebonyeza penye kivuli, mng'ao au uchafu. Rudi nyuma, bonyeza sehemu nyingine ya kadi. Usiamini jicho peke yake hapa. Jicho huzoea rangi ya skrini ndani ya dakika chache, na kama skrini yako ina Night Light iliyowashwa, unaangalia kila kitu kupitia umanjano. Izime kwanza. Namba hazizoei chochote.

Kama unafanyia kwenye simu, Snapseed ina White Balance yenye kijibomba hichohicho. Kiburute mpaka juu ya kadi, basi. Kwa mzigo mkubwa ningekushauri Lightroom. Rekebisha picha ya kadi kwa kijibomba, kisha tumia Copy Settings na Paste Settings kwa picha zote zilizopigwa chini ya mwanga ule. Hapa ndipo ile 5000K uliyoifunga mwanzoni inapolipa. Kama ungeiacha kwenye Auto, marekebisho ya picha moja yasingefaa nyingine, hasa zikiwa JPEG.

Kuna hali ambayo kadi haitakutosha, nayo ni mwanga mchanganyiko. Mlango uko wazi, mwanga wa nje una ubluu, na ndani balbu ina umanjano. Kitambaa kimoja, upande mmoja umepigwa na mlango, mwingine na balbu. Ukirekebisha kwa kadi iliyo karibu na mlango, upande wa ndani unabaki wa manjano. Ukirekebisha wa ndani, wa mlangoni unageuka bluu. Utaijua hali hii ukiweka kadi sehemu mbili za kitambaa na kuona uwiano wa namba tatu haufanani. Usipoteze muda kwenye kompyuta. Zima balbu, sogeza kitambaa kivulini karibu na mlango, piga tena. Kivuli cha baraza kina ubluu, ndiyo, lakini kama ni uleule kitambaa kizima, kadi inaumaliza.

Ukuta wenye rangi kali nao humwaga rangi yake juu ya vitu vilivyo karibu. Kitambaa kikiegemea ukuta wa kijani, ukingo wake unapata ukijani. Kisogeze mbali na ukuta.

Na kuna taa ambazo hata kadi haiziwezi. Baadhi ya LED za bei ya chini zina mwanga mchache sana wa nyekundu iliyokolea. Kadi itasoma kijivu safi, namba zote sawa, lakini kitenge chekundu bado kitaonekana kimeelekea kahawia, kwa sababu rangi ambayo taa haikuitoa haikuingia kwenye kamera. Jipime hivi: piga kitambaa kilekile chini ya taa, kisha kivulini nje, sahihisha picha zote mbili kwa kadi na uziweke sambamba. Zikitofautiana wazi kwenye nyekundu, badilisha taa. Kwenye boksi la taa tafuta CRI, na uchukue yenye 90 au zaidi.

Vipi kuhusu picha za zamani zisizo na kadi? Tafuta ndani yake kitu unachojua ni kijivu au cheupe na hakijakatwa na mwanga. Sakafu ya saruji inaweza kukufaa, ingawa mara nyingine huegemea umanjano kidogo. Lebo nyeupe ya kitambaa au sufuria isiyometameta nayo inaweza kukufaa. Meno na weupe wa macho viache, vina rangi zake. Bonyeza kitu kimoja, tazama, rudi nyuma, bonyeza kingine. Viwili vikikupa matokeo yanayokaribiana, yachukue. Vikipingana vikali na kitenge bado kiko dukani, kipige upya, safari hii kadi ikiwa juu yake.