Maelezo Mamoja, Mahali Patatu

Tuchukue dada fundi cherehani. Kwanza aandike maelezo ya msingi: "Nina NITA Gredi II ya 2019. Nashona yunifomu za shule tangu hapo, na nafundisha wanagenzi watatu."

Kwenye wasifu wa kuombea kazi aondoe "mimi", abakishe ushahidi: "Fundi cherehani, NITA Gredi II, 2019. Yunifomu za shule, wanagenzi watatu."

Kwa LinkedIn aongee na mtu, aseme anachotafuta: "Nashona yunifomu na kufundisha wanagenzi. Natafuta shule ya kushonea."

WhatsApp inampa herufi chache tu: "Fundi wa yunifomu za shule. Napokea oda."

Jihadhari: ukifupisha, usijikuze. Akijiita "mwalimu wa ushonaji" huko WhatsApp, mwajiri akilinganisha na wasifu atamtilia shaka. Kila neno litoke kwa yale ya msingi.