Kwa nini bisi nyingine hazipasuki?

Katika somo hili tunaeleza jambo tulilokutana nalo Mgwashi, katika milima ya Usambara. Mama mmoja wa kikundi cha huko alikuwa akipika bisi na kuwauzia watoto wanaotoka shuleni. Msimu huo karibu nusu ya punje zilibaki chini ya sufuria zikiwa ngumu kama changarawe. Aliamini ameuziwa mbegu mbaya, akawa tayari kuwapa kuku debe zima. Tulimwomba asubiri kwanza.

Punje hupasuka kwa sababu gani?

Ndani ya kila punje ya mahindi ya bisi kuna wanga mgumu na maji kidogo sana. Nje kuna ganda gumu lisilopitisha mvuke kwa urahisi. Punje ikipata moto, maji yale hugeuka mvuke, lakini mvuke hauna pa kutokea. Shinikizo huongezeka na wanga hulainika kama uji mzito. Joto likifika nyuzi 180 hivi za Selsiasi, ganda hushindwa, punje hupasuka na wanga hufumuka kuwa povu jeupe. Mahindi yetu ya kawaida ya ugali hayafanyi hivyo vizuri, kwa kuwa wanga wake mwingi ni laini na ganda lake halihimili shinikizo hilo.

Basi mambo mawili yanahitajika: maji ya kutosha ndani na ganda zima nje. Unyevu unaofaa ni kama asilimia 13 hadi 14.5 ya uzito wa punje. Ukipungua, mvuke hautoshi. Ukizidi, bisi hutoka ndogo, nzito na za kutafunika kwa shida.

Tulichokiona Mgwashi

Yule mama alikuwa ametunza mahindi yake darini, juu ya jiko la kuni, kwa miezi mingi. Kwa mahindi ya chakula, joto na moshi wa darini husaidia kuzuia wadudu na ukungu. Kwa bisi, joto lile liliendelea kunyonya maji hata yale yaliyohitajika. Tena alikuwa amepukuchua kwa kuyatia magunzi guniani na kuyapiga kwa fimbo, kama tunavyofanya wengi. Tulipozitazama punje kwenye mwanga, baadhi zilikuwa na nyufa. Punje yenye ufa huvujisha mvuke, kwa hiyo haipasuki hata ikiongezwa maji.

Jinsi ya kurudisha unyevu

Tuchukue mfano wa kilo moja yenye unyevu wa asilimia 10. Ndani yake mna gramu 900 za punje kavu kabisa na gramu 100 za maji. Ili unyevu ufike asilimia 14 tunahitaji kuongeza gramu 46 hivi za maji, yaani vijiko 3 vya chakula.

Kwa kuwa nyumbani hatuna kipimo cha unyevu, tulianza na kidogo. Tulitia nusu kilo ya punje katika chupa kavu yenye mfuniko, tukabakiza nafasi ya kutikisa. Tuliongeza kijiko 1 cha maji, tukafunga na kutikisa kila baada ya dakika chache mpaka maji yakanywewa. Tuliiacha chupa imefungwa kwa siku 3, ili maji yafike katikati ya punje.

Kisha tulihesabu punje 100 na kuzipika. Tulipasha mafuta pamoja na punje 3, na zilipopasuka tukamimina nyingine. Mfuniko tuliuacha wazi kidogo ili mvuke utoke. Moto ulikuwa wa wastani, kwani moto mdogo sana huupa mvuke muda wa kuvuja polepole kabla ya shinikizo kutosha. Safari hii zaidi ya robo tatu zilipasuka. Zilizobaki nyingi zilikuwa zile za nyufa.

Kama jaribio lako halikufanikiwa, ongeza nusu kijiko, subiri tena siku 3, kisha hesabu upya. Bisi zikianza kutoka ndogo na nzito, maji yamezidi. Anika punje kivulini kwa muda mfupi.

Tahadhari

Rudishia maji kiasi cha kupika siku chache tu, si debe zima. Punje zenye maji mengi huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Zikinuka au kubadilika rangi, zitupwe. Wala kuku wasipewe.

Msimu ujao, pukuchua bisi kwa mkono, na zikishakauka vizuri zihifadhi katika ndoo au chupa inayofungwa sawasawa, mbali na jiko.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mahindi ya bisi nyumbani kwako yanatunzwa wapi, na tangu lini?
2. Pikeni punje 100. Katika zilizobaki, ngapi zina ufa na ngapi ni nzima? Kama nyingi ni nzima, ni tatizo gani mnalopaswa kurekebisha?