Shahada ya Nje, Tangazo la Ndani: Usikatwe Kabla ya Usaili

Tuchukue mfano wa binti wa Segera. Kidato cha nne alimalizia Korogwe, akaenda Uganda kusoma kidato cha tano na sita, kisha akajiunga na chuo kikuu Kampala na kupata shahada ya miaka mitatu ya kazi ya jamii na utawala wa jamii. Amerudi nyumbani. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imetoa tangazo la nafasi za Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II kwa halmashauri kadhaa, Handeni ikiwamo. Sifa inayotakiwa ni shahada ya kwanza katika maendeleo ya jamii, sosholojia au fani nyingine zilizotajwa, kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Ana shahada, ameomba, lakini majina ya walioitwa kwenye usaili yalipotoka, lake halimo.

Wengi hapa hukimbilia kusema kwamba shahada za Uganda hazitakiwi. Hilo si kweli, na kuliamini kunamfanya mtu asitafute kasoro yenyewe. Anayechambua maombi hapimi jambo moja. Anaangalia kama elimu yako ni ya kiwango kilichotajwa, kama fani yako ni ile iliyotajwa, na kama vyeti vyako vimetambuliwa na mamlaka za hapa nchini. Ukipita katika mawili na kukwama katika moja, umekatwa.

Tuanze na utambuzi, maana ndipo wengi wanapoangukia. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa na sharti, mara nyingi chini kabisa mahali ambapo msomaji ameshachoka, kwamba waliosoma nje ya Tanzania wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa na kuidhinishwa na mamlaka husika. Shahada hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Stashahada na astashahada za ufundi huenda NACTVET. Matokeo ya sekondari ya nje huenda Baraza la Mitihani, NECTA, likupe barua ya usawa inayoonyesha matokeo yako yanalingana na nini hapa.

Binti yetu alikuwa na barua ya TCU. Kidato cha sita cha Uganda hakukipeleka NECTA, akiamini kwamba shahada ikishatambuliwa, vyeti vya nyuma havina tena kazi. Vina kazi. Mchambuzi anasoma mlolongo mzima wa elimu yako kuanzia kidato cha nne, na cheti cha kidato cha sita kutoka nje bila barua ya usawa ni pengo. Kama nawe ulisoma sekondari Kenya au Uganda, barua ya NECTA itafute hata kama una shahada mbili.

Jambo la pili kuhusu utambuzi ni muda. Tangazo la kazi mara nyingi huwa wazi kwa majuma mawili hivi. TCU ikipokea maombi yako inatakiwa ijiridhishe kwamba chuo chako kina ithibati katika nchi yake, kwamba programu uliyosoma ilikuwa halali, na kwamba ulijiunga ukiwa na sifa za kujiunga. Kazi hiyo haiishi kwa sababu tu tangazo linafungwa Ijumaa. Omba utambuzi mara tu unapopata cheti na transkripti, usingoje tangazo. Na mzazi anayepanga kumpeleka mtoto nje aanzie TCU kabla ya kulipa ada. Tume hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na hapo ndipo mtu hujua mapema kama chuo anachokitaka kitamletea matatizo.

Sasa fani, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Barua ya TCU inasema shahada yako inatambuliwa na iko katika kiwango gani. Haisemi kwamba inafaa kwa kazi fulani. Hilo linaamuliwa kwa kulinganisha cheti chako na orodha ya fani iliyo kwenye tangazo. Shahada ya binti yetu imejengwa juu ya kazi ya jamii: malezi na ulinzi wa mtoto, ushauri nasaha, mafunzo kwa vitendo katika ustawi. Kwa hapa kwetu hiyo iko karibu zaidi na Afisa Ustawi wa Jamii, ambayo ni kada nyingine yenye tangazo lake. Ameomba kada jirani na ile inayomfaa. Kama tangazo limeongeza maneno "au sifa nyingine inayolingana na hizo", ana hoja ya kujenga, na ataijenga kwa transkripti, akitaja katika barua ya maombi masomo aliyosoma yanayogusa majukumu yaliyoorodheshwa. Kama maneno hayo hayapo, orodha imefungwa, na afadhali nguvu aielekeze kwenye ustawi wa jamii.

Kwenye wasifu, andika jina la shahada kama lilivyo kwenye cheti, kisha chini yake utaje barua ya TCU, namba yake na tarehe. Usibadili jina la shahada lifanane na tangazo. Najua kishawishi kilivyo, na najua wapo wanaoshauri hivyo kwenye vibanda vya kuchapa. Lakini wasifu unaosema jambo moja na cheti kinachosema jingine ni taarifa zisizolingana, na ukiambatisha cheti kilichochezewa umeingia kwenye jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwaondoa kazini watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi, na wengi wao walikuwa wameshazoea kazi zao kwa miaka.

Vivyo hivyo kwa alama. Kama tangazo linataka wastani wa chini, kama zilivyo nafasi za ualimu wa chuo kikuu ambako wastani wa shahada ya kwanza hupimwa kwa kipimo cha tano, na wewe ulisoma kunakotumika kipimo cha nne au asilimia, usijigeuzie mwenyewe. Andika alama zako kama zilivyo na utaje kipimo chake.

Fani zenye mabaraza ya kitaaluma zina mlango mwingine. Daktari, muuguzi au mhandisi aliyesoma nje anahitaji barua ya TCU na pia usajili wa baraza au bodi ya taaluma yake. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Haki yako iko wapi katika haya yote? Katiba, ibara ya 22, inampa kila raia fursa sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Masharti yanaruhusiwa, ilimradi yawe yale yale kwa wote. Kwa hiyo ukikatwa kwa kukosa barua ya NECTA, hujaonewa. Tengeneza kasoro hiyo na uombe tena nafasi ikitangazwa.

Kwa mwajiri binafsi, tuseme shamba la mkonge Korogwe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, na inamlinda hata mwombaji kazi ambaye hajaajiriwa. Nchi uliyosomea haimo kati ya misingi ya ubaguzi iliyotajwa, hivyo mwajiri anaweza kudai barua ya TCU au hata kupendelea chuo fulani. Kabila, dini, jinsia, ujauzito na ulemavu vimo. Ukiambiwa shahada yako haitoshi, kisha ukapata ushahidi kwamba sababu halisi ni mimba yako, hilo si suala la elimu tena. Peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, ukiwa na tangazo, nakala ya maombi yako, na jibu au ujumbe wowote uliotumiwa kwenye simu.