UMANDE HAUANGUKI KUTOKA MBINGUNI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Sisi wanafunzi wa kutwa tunaujua umande kwa miguu yetu. Ukipita njia ya mkato kwenye nyasi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unafika shuleni viatu na soksi zimelowa chepechepe kana kwamba ulivuka mto. Ukiuliza ni kwa nini, utajibiwa, "Umande umeanguka usiku." Lakini je, kweli umande huanguka? Leo ningependa tulitazame neno hilo "kuanguka," kwa maana ndilo linalotupotosha.

Kwanza tuanze na hewa. Hewa daima hubeba maji ambayo hatuyaoni, nayo ni mvuke. Mvuke huu hutoka mitoni, kwenye udongo, kwenye majani na hata vinywani mwetu. Hewa yenye joto huwa na nafasi ya mvuke mwingi, na hewa baridi huwa na nafasi ya mvuke kidogo. Kwa mfano, chukua hewa inayojaa sanduku la mita moja kila upande. Ikiwa na nyuzi 16 za sentigredi, inaweza kubeba mvuke wa gramu 13 na nusu hivi. Ikipoa hadi nyuzi 10, inaweza kubeba gramu 9 na nusu tu. Ikifika nyuzi 5, haiwezi kuzidi gramu 7.

Sasa chukua jioni moja huku kwetu nyanda za juu, tuseme Kinangop. Jua limetua, hewa ina nyuzi 16, na ndani yake kuna mvuke wa gramu 9 na nusu. Hapo hakuna tatizo kwa kuwa nafasi bado ipo. Usiku unaingia, mbingu ni nyeupe haina wingu, upepo umetulia. Nyasi zinapoteza joto lake kuelekea angani. Jani la nyasi ni jembamba, halina akiba ya joto kama jiwe, na halipati joto jingi kutoka ardhini. Kwa hiyo linapoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa inayoligusa jani hilo nayo inapoa. Ikifika nyuzi 10, imejaa pomoni. Ikizidi kupoa hadi nyuzi 5, karibu gramu 3 za mvuke katika kila sanduku la hewa hiyo zinakosa pa kukaa. Zitaenda wapi? Zinashika pale pale kwenye jani na kuwa matone. Huo ndio umande! Haukutoka juu, bali ulitoka katika hewa iliyokuwa ikiligusa jani.

Daktari mmoja wa London aliyeitwa William Charles Wells alilichunguza jambo hili na kuchapisha kitabu chake mwaka wa 1814. Aliweka vibonge vya sufu vyenye uzito sawa nje usiku, kisha akavipima asubuhi. Kilichokuwa juu ya ubao kilipata maji mengi kuliko kilichokuwa chini yake, kwa sababu ubao ulikizuia cha chini kupoteza joto kuelekea angani. Hata wewe unaweza kuona hayo. Angalia nyasi zilizo chini ya mti wenye majani mengi asubuhi, utazikuta karibu kavu ilhali zilizo uwanjani zimelowa. Usiku wenye mawingu pia hauna umande mwingi, kwa sababu mawingu hurudisha joto chini kama blanketi. Upepo nao hauupendi umande, maana huchanganya hewa na kuyaletea majani joto jipya kila mara.

Na dirisha je? Hapa wengi wetu tunababaika. Kioo cha darasa asubuhi hulowa upande wa ndani, si wa nje. Sababu ni kwamba tuko arobaini na ushee ndani, milango imefungwa, na kila mmoja anapumua hewa yenye joto na mvuke. Kioo kimepozwa na baridi ya nje. Pumzi zetu zikikigusa, mvuke unageuka maji. Matatu yenye abiria wengi hufanya vivyo hivyo, ndiyo sababu dereva hupangusa kioo kwa kitambaa kila mara. Lakini gari lililolala nje peke yake hulowa upande wa nje, juu ya paa na kwenye kioo cha mbele, kwa kuwa sehemu hizo zinatazama mbingu kama nyasi. Basi pangusa kwa kidole, utajua maji yako upande gani na mvuke ulitoka wapi.

Mvua ni habari nyingine kabisa. Hewa yenye mvuke hupanda juu sana, hutanuka, hupoa, na mvuke wake hushika kwenye vumbi dogo dogo lisiloonekana. Hivyo wingu linaundwa. Vitone vya wingu ni vidogo mno hata huelea. Yahitajika vitone kama milioni moja viungane ili tone moja la mvua lipatikane na kuanguka. Mvua basi huanguka kweli, nayo hulowesha udongo hata ndani. Umande wa usiku mzima haufiki hata milimita moja. Ukikuta nyasi zimelowa lakini vumbi la barabarani bado linatimka, usiseme kulinyesha.

Sasa tufike kwa jalidi, ile barafu nyeupe inayotanda juu ya nyasi. Wengi hudhani jalidi ni umande ulioganda. Mara nyingine ni hivyo, na hapo huonekana kama shanga za kioo. Lakini jalidi nyeupe kama unga hutokea jani likiwa chini ya nyuzi 0, mvuke ukageuka barafu moja kwa moja bila kupitia hali ya maji.

Jalidi hupenda Januari, wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Kwa nini? Mvuke unapogeuka maji hutoa joto kidogo, na joto hilo huchelewesha jani kupoa. Lakini hewa ikiwa na mvuke wa gramu 4 tu, hata kwenye nyuzi 0 bado ina nafasi, kwa kuwa hapo inaweza kubeba karibu gramu 5. Umande hautokei, hakuna joto linalotolewa, na jani linaendelea kupoa hadi maji yaliyo ndani yake yanaganda. Siku moja au mbili baadaye majani hugeuka ya kahawia kana kwamba yamechomwa moto. Ndivyo majani chai yalivyoungua kule Kericho na Nandi mnamo Januari 2012. Na viazi huku kwetu huungua vivyo hivyo, hasa vilivyopandwa bondeni, kwa maana hewa baridi ni nzito na huteremka kama maji.

Kwa hiyo mzazi akiuliza kama usiku utakuwa na jalidi, tazama mambo matatu: mbingu haina wingu, upepo umetulia, na nyasi zimebaki kavu ingawa baridi ni kali. Hapo tandika nyasi kavu juu ya kichanja kilichoinuliwa kidogo juu ya miche kabla jua halijatua. Huo ndio ubao wa Daktari Wells. Hautazuia baridi kali mno wala hautatosha shamba zima, lakini kitalu cha kabeji kitaamka salama.

Kwaheri ya kuonana, na usisahau kupangusa viatu mlangoni!