Barua ya Mama Mjamzito kwa Mwajiri Wake

Wanawake wengi wa Lushoto na Bumbuli wanaofanya kazi za kulipwa hutoa taarifa ya mimba kwa mdomo. Msimamizi wa shamba huambiwa asubuhi mizani ikifungwa, naye huitikia tu, na kufikia mwisho wa mwezi amesahau au amehamishwa. Maneno hayo hayawezi kuonyeshwa popote. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kuyaweka kwenye karatasi. Tumechukua mfano wa mchumaji wa chai, lakini mfanyakazi wa hoteli, wa duka au wa bustani ya kabichi ataona mahali pa kubadilisha.

Hesabu kabla ya kalamu

Barua nzuri inaanzia kliniki. Mama wa mfano wetu aliona hedhi yake ya mwisho Jumatatu ya tarehe 5 Januari 2026. Ukihesabu siku 280 kuanzia hapo, unapata tarehe ya matarajio: 12 Oktoba 2026. Muuguzi huiandika kwenye kadi, na hesabu nyingine zote zinatoka humo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe hiyo, pamoja na cheti cha kitabibu. Kwa mama huyu mwisho ni 12 Julai. Ila hakuna sababu ya kungoja mpaka Julai, maana kazi nzito haimngoji mtu. Sisi tunashauri barua iandikwe mara baada ya hudhurio la kwanza la kliniki, ambalo linatakiwa liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo.

Anaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua, yaani 14 Septemba, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya yake au ya mtoto inadai hivyo. Likizo yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa mapacha. Hapa familia zikae zipige hesabu. Akianza 14 Septemba, siku 84 zinaisha 6 Desemba, mtoto akiwa na wiki 8 hivi. Akianza 1 Oktoba, zinaisha 23 Desemba. Kila siku anayoichukua kabla ya kujifungua inapungua kwenye siku za kukaa na mtoto. Ndiyo maana kazi nyepesi ina thamani kubwa: humwezesha kufika Oktoba bila kuila likizo yake.

Kazi gani ibadilishwe

Usiandike "naomba kazi nyepesi" ukaishia hapo. Msimamizi anaweza kukupa ufagio wa ghala la dawa akaona amekusaidia. Taja kinachokudhuru. Kwenye miteremko ya Usambara ni kupanda na kushuka na kikapu kilichojaa, hasa wakati wa masika njia zikiteleza. Kupulizia viuatilifu au kuingia sehemu iliyopuliziwa karibuni. Na kusimama kutwa nzima. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Inamtaka ampe kazi nyingine inayofaa, kama inawezekana, kwa masharti yasiyopungua yale ya awali. Maneno "kama inawezekana" ndiyo mwanya wa mwajiri, kwa hiyo taja mwenyewe kazi iliyopo shambani kwenu.

Jambo linalosahaulika ni ujira. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Akihamishiwa kitalu cha miche bila makubaliano, anaweza kujikuta analipwa kiwango cha chini kabisa. Omba wastani wa ujira wako wa miezi 3 iliyopita uwe ndio kipimo. Wastani huo haumo kwenye kifungu. Ni njia tunayoiona ya haki kutimiza neno "yasiyopungua".

Kwa wanaolinda au kuhudumia usiku: sheria inazuia mjamzito kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi 2 ya mwisho, au kabla ya hapo kwa cheti cha kitabibu.

Siku za kliniki

Kifungu cha 33 hakitaji siku za kliniki. Tunalisema wazi ili usiende kudai kwa ukali kitu kisichoandikwa mle. Uliza kwanza tawi la chama cha wafanyakazi kama mkataba wa hali bora unazitaja. Mkataba usipozitaja, ziombe kwa tarehe. Mwajiri anayejua Jumatatu gani hutakuwepo ana nafasi ya kujipanga. Anayeambiwa asubuhi ile ile hukasirika.

Mahudhurio yanayotakiwa ni 8, na kuanzia wiki ya 20 yanazidi kukaribiana. Usiyaombe yote kwa jumla. Nakili tarehe kama muuguzi alivyozipanga, kwa kuwa zahanati nyingine zina siku maalumu za wajawazito.

Barua yenyewe

*(Jina na namba ya mfanyakazi)*
*(Kitongoji na kijiji)*
13 Aprili 2026

Meneja,
*(Jina la shamba)*

Ndugu Meneja,

YAH: TAARIFA YA UJAUZITO, OMBI LA KUBADILISHIWA KAZI NA RUHUSA YA KLINIKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mchumaji katika shamba hili. Natoa taarifa kuwa ni mjamzito na natarajia kujifungua tarehe 12 Oktoba 2026. Nimeambatanisha cheti cha kitabibu. Natarajia kuanza likizo ya uzazi tarehe 1 Oktoba 2026.

Naomba nisipangiwe kubeba kikapu kwenye miteremko wala kazi yoyote ya viuatilifu. Naweza kufanya kazi ya kujaza viriba na kupanga miche kitaluni, isipokuwa siku za kupulizia. Naomba ujira wangu ukokotolewe kwa wastani wa miezi 3 iliyopita.

Naomba pia ruhusa yenye malipo kwa mahudhurio ya kliniki tarehe 25 Mei, 6 Julai, 3 Agosti, 31 Agosti, 14 Septemba na 28 Septemba. Tarehe ikibadilika nitatoa taarifa mapema.

Naomba jibu kwa maandishi. Natanguliza shukrani.

*(Sahihi)*

Nakala: Katibu wa tawi, chama cha wafanyakazi.

Baada ya kuandika

Toa nakala 3. Moja iache ofisini, na ya pili igongwe muhuri au iandikwe "nimepokea" kwa sahihi na tarehe, kisha irudi nyumbani. Ya tatu ni ya katibu wa tawi. Meneja akikataa kusaini, mpelekee ukiwa na katibu wa tawi, naye aandike kuwa ameshuhudia.

Usiambatanishe nakala ya kadi ya kliniki. Kadi ina majibu ya vipimo, kikiwemo cha VVU, na hayo si ya ofisi. Cheti kinachotaja ujauzito na tarehe ya matarajio kinatosha.

Kutokwa damu au maji ukeni, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, degedege, au mtoto kuacha kucheza havisubiri ruhusa wala tarehe. Nenda kituoni saa hiyo hiyo, na mtu wa nyumbani apeleke taarifa kazini.

Kibarua aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida hana likizo yenye malipo, lakini katazo la kazi ya hatari linamhusu, na kumbagua kwa sababu ya mimba ni kosa. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwa migogoro mingine, kama kukatwa ujira, muda ni siku 60. Chukua ile nakala yenye muhuri na hati za malipo za miezi ya nyuma.