Kwa Nini Tunamwaga Wali: Mafunzo Niliyopata Kantini

Wazazi wapendwa,

Juzi mama mmoja alikuja kumchukua mtoto saa tisa alasiri, akamkuta mpishi wetu anamwaga wali kwenye shimo nyuma ya jiko. Akaniuliza, "Kwani hicho si chakula?" Nilishikwa na haya. Mchele ule ulikuja kwa lori kutoka Uganda kupitia Nimule, na bei yake sokoni Konyokonyo nyote mnaijua. Namjibu yeye leo, pamoja nanyi, kwa mambo manne niliyojifunza tangu nianze kupikia watoto hapa Juba.

1. Kiporo cha nyumbani si kiporo cha sufuria kubwa

Mimi nimelelewa kwa kiporo. Maharage ya jana yalipashwa asubuhi, tukanywea chai, tukaenda shule. Lakini bakuli dogo hupoa upesi. Sufuria ya lita 40 haipoi upesi.

Siku moja niliacha maharage yamefunikwa tangu saa nane mchana. Saa kumi na mbili jioni nikachomeka kipimajoto katikati: nyuzi 47. Bakteria wa chakula huzaana kati ya nyuzi 5 na 60, na wale wapendao maharage na mchuzi wa nyama huzaana upesi zaidi kwenye nyuzi 43 hadi 45, ambako huongezeka maradufu kwa dakika kama kumi tu. Chakula changu kilikuwa kinateremka polepole kuelekea pale pale wanapopapenda.

Na kingeteremka hadi wapi? Chakula hakipoi kupita hewa inayokizunguka. Mnakumbuka Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali ilipofunga shule kwa sababu ya joto. Hewa ikiwa na nyuzi 40, jiko zima ni mahali pa kulelea bakteria.

2. Kupasha moto hakufuti kosa la jana

Zamani niliamini kwamba chakula kikichemka tena, kimetakasika. Kisha dada mmoja anayetusaidia kuosha vyombo akabeba wali uliobaki, akauweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, akaukaanga usiku kwa mafuta na vitunguu. Haukuwa na harufu wala utelezi. Saa tatu baadaye watoto wake wawili walikuwa wanatapika.

Baadaye nilielewa sababu. Katika mchele kuna bakteria wanaojifungia kama mbegu ngumu, na mbegu hizo huvumilia maji yanayochemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, na bakteria wanatoa sumu. Moto wa pili unaweza kuwaua bakteria wenyewe, lakini sumu ile haiharibiwi na moto wa jikoni. Ndiyo maana siku hizi sinusi tena wali ili kuamua kama unafaa. Natazama saa.

3. Friji si dawa ya sufuria ya moto

Mzazi mmoja alishauri tuweke chakula kwenye friji. Tulijaribu. Jenereta yetu huzimwa saa kumi, shule inapofungwa, na asubuhi tulikuta maziwa yamechacha kando ya sufuria yenye uvuguvugu. Ili kupoza chakula salama, kinatakiwa kishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Hiyo inataka trei pana zisizo na kina, barafu, na umeme wa usiku kucha. Trei ninazo. Umeme wa usiku sina.

4. Kugawa kuna saa yake

Hatumwagi kabla ya kugawa. Sufuria hukaa juu ya makaa, zaidi ya nyuzi 60, mpaka saa nane. Hapo walinzi, wafagiaji na madereva wanakaribishwa kula papo hapo, kwenye sahani zetu. Kubeba haturuhusu, kwa sababu kikishatoka motoni katika joto la zaidi ya nyuzi 32, mwongozo wa usalama wa chakula hukipa saa moja tu, na sijui ndoo itafunguliwa saa ngapi huko nyumbani. Kinachobaki saa tisa kinaingia shimoni, kinafunikwa kwa majivu na udongo, ili mbwa wasikifukue wala mtoto mwenye njaa asikiokote.

Kwa hiyo wali hauokolewi saa tisa alasiri. Unaokolewa asubuhi, kabla sijapima mchele kwenye debe. Sasa hivi napika kwa kukisia, nami naogopa zaidi kumkosesha mtoto kuliko kubakiza. Nawaomba mtoto anunue tiketi ya chakula kabla ya saa tatu asubuhi. Siku ambayo darasa la sita wote walifanya hivyo, kilichobaki kwa upande wao kilikuwa ukoko.

Wenu jikoni,
Msimamizi wa kantini